Maelekezo ya Kufika Mlango wa Kijani

Nina ulimi mwepesi na hasira za karibu. Nimeambiwa hivyo tangu utoto wangu Handeni na sijawahi kubisha. Ila siri ya mgonjwa sikuwahi kuitoa. Miaka yote niliyofanya ukarani wa takwimu Korogwe, nikikaa Kilole, nilijisifu kwa hilo. Naliandika hili kwa sababu nilikuja kuitoa siri ya mtu bila kufungua mdomo.

Soko huria lilikuwa limetuletea kila namna ya miradi. Leo shirika hili, kesho lile, kila moja na fulana zake na ofisi yake ya kupanga. Letu lilikuwa linafuatilia watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, Handeni na Korogwe. Wahudumu wa jamii walikwenda majumbani kuwaona, wakaandika kwenye daftari, na daftari zikaja kwangu nizipige kwenye kompyuta.

Sasa ukitaka kunielewa, elewa kwanza jinsi daftari zile zilivyoandikwa. Huku kwetu nyumba haina namba. Mtu unamfikia kwa kuelekezwa. Kwa hiyo kila mhudumu, kabla hajaandika lolote la ugonjwa, alianza na njia: boma la tatu baada ya lambo, kwa mzee mwenye ng'ombe wekundu. Mwezi unaofuata aliyanakili maneno yale yale tena, ili akiugua yeye, mwenzake asipotee. Ulikuwa utaratibu mzuri. Hakuna aliyetufundisha, tuliuzua wenyewe, nami nilikuwa mkali sana kwa mhudumu aliyeuruka.

Kule Mpale, milimani, kulikuwa na mama mmoja mwenye mapacha. Nilimfahamu kwa uso, maana siku anaandikishwa nilikuwepo na fomu ya ridhaa niliisoma mimi. Aligundulika kliniki ya wajawazito. Mumewe alikuwa hajui. Vidonge alivificha ndani ya debe la maharage ya mbegu, mahali ambapo mume hatii mkono mpaka msimu wa kupanda.

"Dada," aliniambia, "nitamwambia mwenyewe. Kwa mdomo wangu, siku nikiwa tayari. Akilisikia kwa mtu mwingine atanirudisha kwetu na watoto wabaki kwao. Haya maandishi yanakwenda wapi?"

"Yanafungiwa kabatini," nikamjibu. "Na ufunguo ninao mimi."

Fomu ilikuwa na mstari mmoja chini kabisa, kwamba taarifa zinaweza kutumika kuboresha huduma. Niliusoma haraka haraka, kama mtu anayemalizia dua huku futari inapoa. Akaweka dole gumba. Aliridhia kutembelewa nyumbani, basi. Mengine hakuyaridhia, kwa sababu hakuelezwa, na mimi mwenyewe wakati ule sikuyajua.

Miaka miwili baadaye alikuja mtaalamu kutoka Dar, kijana mcheshi, kompyuta haimtoki mapajani. Akatueleza kuwa maandishi yetu yatafundishia akili mnemba. Mhudumu akianza kuandika kwenye simu, simu itamkisia maneno yanayofuata, aokoe muda. Nikamuuliza, na siri za watu je?

"Utazisafisha, dada. Toa majina, toa namba za simu, toa namba za kadi. Weka alama tu. Hapo mtu hajulikani tena."

Nikasafisha wiki tatu. Macho yaliniuma. Nilifukuza kila jina, hata majina ya watoto, hata la mganga mmoja aliyetajwa kwa kulaumiwa. Maelekezo ya njia nikayaacha. Jamani, sikuyaacha kwa uvivu! Nilijiuliza kabisa, nikaona mlango wa kijani, alama ya nyumba ya yule mama wa Mpale, si jina la mtu. "Mama mapacha" nayo nikaona ni maneno tu, wanawake wenye mapacha wamejaa dunia nzima. Nilisahau kuwa pale Mpale, ukipita ile mashine ya kusaga, mwenye mapacha ni mmoja. Mtoto wa Handeni, niliyekua nikitumwa kwa maelekezo hayo hayo, ndiye niliyesahau! Mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Mtaalamu akapokea faili, akalipitia juu juu, akasema, "Safi kabisa."

Semina ya wahudumu ilifanyika Manundu, kwenye ukumbi wa kukodi. Kila mmoja alipewa simu yenye programu mpya, na mtaalamu akawaambia waanze kuandika ziara kama wanavyoandika siku zote. Miongoni mwao alikuwemo mhudumu mpya kutoka Mpale, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Nilijua ni dada wa yule mume, yaani wifi wa mama mapacha. Tulikuwa na sheria kwamba mhudumu hapangiwi nyumba ya ndugu yake, kwa hiyo daftari la nyumba ya kaka yake hakuwahi kulishika. Mlango huo nilikuwa nimeufunga mwenyewe na nilijiona mjanja.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake naye anaandika. Aliandika njia ya kwenda kwa mgonjwa wake mmoja, jirani wa huko huko: "Ukipita mashine ya kusaga." Hakuandika zaidi ya hapo. Simu ikammalizia kwa maandishi ya kijivu: "shika kushoto, mlango wa kijani, mama mapacha, anameza dawa vizuri, mume hajui, usiongee mbele yake."

Yeye hakushtuka wala hakugeuka. Alisoma, akasoma tena huku midomo ikicheza. Kisha akafuta, akaandika upya maneno yale manne, na simu ikarudia vile vile, neno kwa neno.

"Kumbe," akasema polepole. "Mashine yenu inapajua kwetu."

"Inakosea hiyo," nikasema. "Inabuni tu."

Akaniangalia. Mimi nikidanganya, shingo inanitoka jasho, na nadhani aliliona. Akaiweka simu mezani kwa adabu, akasema anakwenda kuswali.

Nikamvuta mtaalamu nje kwa mkono wa shati. Kwanza alikana. Jina halimo, alisema, kwa hiyo haiwezekani. Nikaichukua simu ile nikaandika maneno manne. Ilipomaliza kujibu alikaa chini kwenye ngazi, ucheshi wote umemtoka.

"Sentensi hii imo mara ngapi kwenye faili?"

"Kila mwezi. Miaka miwili."

Akafumba macho. Akanieleza, na safari hii bila utani. Mashine ile haitunzi daftari kama kabati linavyotunza. Inajifunza neno gani hufuata neno gani. Lakini sentensi ikijirudia mno, na maandishi yenyewe ni machache kama yetu, inaikariri nzima nzima, kisha inamtapikia yeyote atakayeianzisha.

"Basi ifute hiyo sentensi!"

"Kwenye faili naifuta sasa hivi, dada. Kwenye mashine hakuna pa kufutia, imeshachanganyika na mengine yote. Inabidi tufundishe mpya kutoka mwanzo, kwa maandishi yasiyo na njia za watu. Na hizi simu zote tuzirudishe."

"Na kichwani mwa yule mwanamke tutafuta vipi?"

Aliinuka pale ngazini. Tukarudi ukumbini kukusanya simu, moja moja, tukizihesabu kama wazimu. Zote zilikuwepo. Mwenye simu ile ndiye hakuwepo. Mwenzake akasema hakwenda msikitini, amekwenda sokoni kumtafuta kaka yake, ambaye siku hiyo alikuwa ameshusha maharage mjini.

Nilipanda bodaboda kwenda Mpale bila kuuliza nauli. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno na kila nililolipanga lilikuwa baya. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tulipofika mashine ya kusaga. Nikashika kushoto. Nilikuwa sijawahi kwenda nyumbani kwake, ila niliifikia bila kumuuliza mtu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Kila neno la yale maelekezo lilikuwa kweli.

Alikuwa uani anachambua mboga, mapacha wanacheza pembeni. Aliponiona tu akajua halijaja jema.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, wima, bila kujipamba. Akaweka mboga chini, akauliza, "Nani amemwambia wifi?"

"Simu."

"Simu iliambiwa na nani?"

"Na mimi. Niliipa daftari lako."

"Ulisema ufunguo unao wewe."

"Nilisema."

"Basi iambie isahau."

"Haiwezi, dada. Watatengeneza nyingine. Ile iliyokwisha kujifunza haisahau."

Akacheka, kicheko kikavu. "Mtu ukimwambia siri akaitoa, siku mkikutana ana aibu, anakwepa macho yako. Hiyo haina hata aibu. Itamwambia na mwingine, tena kwa upole ule ule." Akaokota jani la mboga, akaliweka tena. "Nilikuwa nimechagua siku. Baada ya mavuno. Hata maneno nilikuwa nayo. Vidonge nameza, virusi vimelala, daktari amenipongeza, ningemwambia na hayo, ningemshika mkono twende naye akapime. Sasa wifi atamwambia nini? Atamwambia ana mke mwongo."

Nililia. Sikustahili kulia mbele yake lakini nililia.

Ndipo tukawaona. Walikuwa chini kwenye njia, wawili, wanapandisha. Dada mtu mbele, mume nyuma na magunia matupu begani. Kwa umbali ule hatukuweza kujua kama ameshaambiwa.

"Labda hajasema bado," nikanong'ona.

Akanawa mikono haraka, akafunga khanga kiunoni. "Wewe usiseme kitu. Neno lako limetosha."

Akashuka mbio. Mwanamke mzima, peku, kwenye njia ya mawe yenye utelezi, anakimbia awahi kusema jambo lake kabla halijasemwa na mwingine. Mapacha walidhani ni mchezo, wakapiga makofi. Mimi nilisimama pale uani nikiomba Mungu, ewe Mola, muwahishe.

Alipomfikia mumewe alinyoosha mikono yote miwili. Nikamwona yule mwanamume anashusha magunia, anarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili.

Niliacha kazi mwezi huo. Mashine ikafundishwa upya bila njia za watu, na naambiwa inafanya kazi vizuri. Watoto walibaki Mpale. Mama yao amerudi kwao, upande wa Handeni, na anachukua dawa kituo kingine. Muuguzi wa huko aliniambia jambo moja tu, na sikumuuliza zaidi: kuna mwanamke mgeni anayetembea kwa miguu kutwa nzima kufuata vidonge vyake, na kila anapoombwa aeleze nyumba yake iko wapi ili afikishiwe, anakataa.