Mchoro wa Tatu Haukufika

Shangazi yangu Nidia Canché anasoma akiwa amesimama. Ukimpa kiti anakaa dakika mbili, halafu unamkuta tena dirishani, karatasi mkononi na penseli nyekundu sikioni. Zamani alifundisha sayansi shule ya msingi. Sasa ni katibu wa ushirika wetu wa wafugaji nyuki, na kazi yake anayoipenda kuliko zote haimo kwenye katiba ya ushirika: anasoma makala za watafiti, anazifupisha kwenye ukurasa mmoja, kisha anaubandika kwenye mlango wa ghala la asali. Wanaume wanaujua mlango ule kuliko mlango wa kanisa.

Juni hii mavuno yalikuwa yamekwisha, mvua inasuasua, joto la rasi yetu ya Yucatán limekaa juu ya kijiji kama kifuniko cha sufuria. Na utitiri ulikuwa umeingia mizingani, ule mdogo mwekundu unaomng'ang'ania nyuki mgongoni na kuzaliana kwenye majana. Don Wilberth Poot, jirani yetu, ulimmalizia mizinga mingi mwaka jana. Amebakiwa na kumi na saba. Alishanunua thimoli, dawa inayonuka kama oregano iliyokasirika, lakini alitaka kujua kama anaweza kuitumia kwenye joto hili.

"Nidia, we ndo macho yetu," alimwambia shangazi. "Niambie niweke au nisiweke."

Shangazi akamwandikia kijana mmoja wa chuo cha kilimo, na kijana akapata makala inayohusu jambo hilohilo. Ila faili halikukubali kutumwa, basi akanakili maandishi na kuyatuma kwenye simu, vipande vipande. Shangazi akayachapisha ghalani. Nilikuwepo, nikamwona akigeuza ukurasa wa mwisho, akaugeuza tena, kama mtu anayetafuta chenji mfukoni.

"Michoro iko wapi?" aliuliza.

Haukuwepo hata mmoja. Orodha ya marejeo nayo haikuwepo. Maandishi yaliishia kwenye shukrani kwa wafadhili, basi.

Alimwandikia kijana tena, akajibiwa kwamba yuko shambani na wanafunzi wenzake, atatuma faili zima Jumatatu. Don Wilberth alitaka jibu siku hiyohiyo. Shangazi akatoa penseli sikioni na kuanza kuzungushia duara kila mahali makala ilipoelekeza kidole kwenye kitu kisichokuwepo. Nikaenda kuchungulia begani kwake.

Sentensi moja ilisema: vifo vya nyuki viliongezeka joto lilipopita kiwango kinachoonekana kwenye Mchoro wa 3. Nyingine ilisema thimoli haimdhuru malkia, halafu mabano, na ndani ya mabano namba kumi na moja.

"Hii si nzuri?" nikamwambia. "Andika tu, utafiti umeonyesha haimdhuru malkia."

"Utafiti upi?"

"Huu."

"Huu haukuchunguza malkia, mwanangu. Soma walichofanya: wamehesabu utitiri ulioanguka na nyuki waliokufa. Habari ya malkia wameitoa kwa mtu mwingine, wa kumi na moja kwenye orodha. Nani huyo? Alitumia nyuki gani? Alipima, au na yeye alisikia kwa mwingine? Sina orodha, sijui."

"Na kiwango cha joto? Si unaweza kukadiria?"

Akaniangalia kwa huruma, kama ninavyoangaliwa nikikosea kukunja tortilla, chapati yetu ya mahindi. "Nikikadiria, Don Wil atadhani wamekadiria wao."

Basi akaandika. Juu aliweka kilichosemwa wazi kwenye maandishi: dawa iliangusha utitiri tisini na mbili katika kila mia. Chini yake alieleza mizinga mingapi ilitumika, wapi na kwa muda gani. Mwishoni kabisa, chini ya mstari, akaandika "Tahadhari", na humo akaorodhesha vyote alivyovikosa. Nikaona kazi safi kabisa. Akaenda nyuma kumwagia miche maji.

Don Wilberth alifika na baiskeli yake ya magurudumu matatu, akasoma amesimama mlangoni, midomo ikicheza. Alipofika kwenye tisini na mbili akacheka kwa sauti.

"Mungu akubariki, Nidia!" akapaza sauti kuelekea nyuma. Akakunja karatasi, akaitia kwenye kofia, akaondoka.

Shangazi aliingia mikono ikichuruzika maji. "Amesoma yote?"

"Amesoma hadi tisini na mbili."

Sijawahi kumwona akikimbia. Alidandia baiskeli yangu, mimi nikamfuata kwa miguu hadi kwenye mizinga, nje ya kijiji. Don Wilberth alishavaa wavu wa uso, kifuniko cha mzinga wa kwanza mkononi.

"Don Wil, funga hiyo! Hujamaliza kusoma."

"Nimeelewa. Inaua utitiri."

"Inaua utitiri kule walikofanyia. Milimani, mwezi wa Novemba, mchana joto halifiki nyuzi ishirini na saba. Hapa sasa hivi ni ngapi?"

Don Wilberth akatazama juu kana kwamba jua ndilo lingemjibu. "Thelathini na sita. Haya, joto la mwisho la hiyo dawa ni ngapi?"

"Sijui. Namba iko kwenye mchoro, na mchoro haukufika."

"Na malkia?"

"Wanasema hadhuriki, lakini wamemnukuu mtu nisiyeweza kumfuata."

Akavua wavu. Alikuwa amekasirika kweli, jasho linamtiririka hadi kwenye masharubu. "Sasa mambo makubwa hivi unayaficha chini kabisa, kama maandishi ya mkopo wa benki? Mimi ni wa kusoma chini?"

Shangazi hakujitetea. "Kweli," alisema. "Nimeyaweka pabaya."

"Na nikingoja Jumatatu, utitiri utaningoja?"

"Hilo pia makala haisemi."

Nyuki walikuwa wakituzunguka. Niliona Don Wilberth akihesabu mizinga kwa macho, akimaliza, akianza upya. Mwishowe aliuchagua mmoja, ule dhaifu kuliko yote, uliokuwa chini ya mti wa ramón, akaweka dawa humo tu. Mingine hakuigusa.

Shangazi alirudi ghalani kuandika upya. Safari hii hakukuwa na mstari wala "Tahadhari". Sentensi ya kwanza ilisema: "Dawa iliangusha utitiri mwingi kwenye baridi ya milimani, kwa joto letu hatujui, maana mchoro unaoonyesha kiwango cha joto haukutufikia." Ya malkia aliiandika hivi: "Waandishi wanasema malkia hadhuriki, wakitegemea kazi nyingine ambayo hatukuiona." Kila pengo alilitia ndani ya sentensi yenyewe, mtu asiweze kukunja karatasi kabla ya kulikuta. Nilidhani ingesomeka vibaya. Ilisomeka kama mtu anayeongea.

Jioni Don Wilberth alirudi. Alisema nyuki wa mzinga ule walikuwa wametoka wote, wakaning'inia mlangoni kama ndevu, hawataki kuingia. Alikuwa ameitoa dawa, nao wameanza kurudi ndani.

"Kumi na sita iko salama," alisema, akaketi juu ya debe la asali. "Ina utitiri bado, lakini ipo. Haya, andika na hiyo hapo: kwenye thelathini na sita wanakimbia."

"Hapa siandiki," shangazi akamjibu.

"Kwa nini? Nimeona kwa macho yangu!"

"Ndiyo maana. Karatasi hii ni ya waliyoyaona wao. Hawajaona mzinga wako."

Nikadhani watagombana tena. Lakini shangazi alivuta karatasi nyingine nyeupe, akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: Wilberth Poot, mzinga mmoja, chini ya ramón. Kisha akamkabidhi penseli.

"Kilichobaki andika mwenyewe. Siku, joto, ulichokiona. Usichokiona, sema hukukiona."

Don Wilberth aliinama juu ya meza. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida yake, akaniuliza mara mbili namna ya kuandika maneno fulani, na alipofika kwa malkia akasita, akaandika: sikumtafuta.