Unga wa Uzi Mwekundu

"Hapana, shangazi, muhogo mkavu si muhogo uleule," nilimwambia. "Ungekuwa uleule ungeoza."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwetu Temeke, miguu kainyoosha, anatucheka. Alikuwa ametuona tunaingiza matenga matatu ya muhogo mbichi, na siku ya nne akaona linatoka tenga moja.

"Matatu yameingia, limetoka moja," akasema. "Mawili kala nani? Na hilo moja mnataka kuliuza bei ya unga wa ngano! Wifi, huyu mwanao shule imemharibu."

Mama alikuwa anamenya. Nikajibu mie, maana mie sikuwa na subira ya kumngoja mtu ajibu. Nikamwambia yale mawili yaliyopotea ni maji, na maji ndiyo yanayoozesha. Bei ya hilo tenga moja lazima ibebe yote matatu, halafu ibebe kumenya, kuanika, kutwanga, kuchekecha na kitambaa cha mifuko. Tukiuza chini ya hapo tutakuwa tumewafanyia watu kazi ya bure.

"Basi kauzieni bomani kwa Wazungu," akasema shangazi. "Temeke hapa muhogo ni fungu, na fungu bei yake inajulikana."

Hilo la fungu ndilo lililokuwa linanikera. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikimwona mama kakaa chini pembeni ya barabara, mafungu ya muhogo mbele yake kwenye kipande cha gunia. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba, halikunjiki vizuri, kwa hiyo alikuwa akikaa upande upande. Wanunuzi walikuwa wanajua kuwa muhogo ukishang'olewa haukai. Siku ya pili unaanza kuweka michirizi myeusi ndani, siku ya tatu hauliki. Basi asubuhi wanapita tu wanasalimia, wanarudi jua likishalala.

"Shikamoo mama. Bado unao? Haya nipunguzie, utaurudisha nyumbani ukaufanyie nini?"

Na mama alikuwa anapunguza.

Niliporudi kutoka shule ya bweni, nimemaliza, nangoja majibu ya kazi ya ualimu, nikajiambia mama yangu hatakaa tena chini barabarani. Nilitaka jambo hilo moja tu.

Makopa ya muhogo kila mtu Temeke alikuwa anaanika, hiyo si elimu niliyoileta mie. Lakini watu walikuwa wanaanika chini, kwenye mchanga, kuku wanapita juu. Ukila ugali wake meno yanasaga mchanga. Sie tulijenga kichanja cha miti kimo cha kifua, tukatandika majamvi. Muhogo tuliung'oa asubuhi, tukaumenya siku hiyohiyo, tukauosha maji mawili, tukaupasua vipande vyembamba. Mchana unaugeuza. Jioni, kabla umande haujashuka, unaukusanya wote unauingiza ndani, asubuhi unautoa tena. Siku nne za jua kali, tano likiwa la mawingu.

Kuupima ilikuwa kazi ya mama. Alikuwa anachagua kipande kinene kuliko vyote, anakisogeza sikioni, anakivunja. Kikilia *ka!* na kati kikawa cheupe chenye vumbi, tayari. Kikipinda kwanza, kinarudi kichanjani.

Halafu kuna kulaza. Makopa yakishakauka mama hakuwa anayatwanga siku ileile. Aliyatandaza ndani kwenye mkeka, wazi, yakalala usiku mzima, ndipo asubuhi yanaingia kinuni. Unga nao, ukishachekechwa, aliuacha kwenye ungo mpaka upoe kabisa kabla ya kuufunga.

"Kwa nini unalala?" nilimuuliza.

"Umechoka na jua," akasema. "Unapumzika."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu na chini yake nikaandika: imani za kizee.

Tulishona mifuko midogo ya kitambaa cha marekani, na mdomo wa kila mfuko mama aliushona kwa uzi mwekundu, misalaba midogo midogo, kwa kuwa uzi mwekundu ndio tuliokuwa nao. Nikamfuata mzee mmoja mwenye duka Ilala. Akautia unga kidoleni, akaulamba, akausaga kwa meno kutafuta mchanga. Akaniuliza bei. Nikamtajia. Akacheka.

"Binti, kwa bei hiyo mtu ananunua mafungu ya kula siku nne."

"Ndiyo, mzee. Lakini siku ya tatu atayatupa. Huu ukae dukani kwako mwezi, utaukuta hivihivi."

Akachukua mifuko sita, kwa kujaribu tu. Baada ya wiki akatuma watu kuuliza kama tunayo mingine. Wake wa makarani walikuwa wanakuja dukani wanasema, "Nipe ule wa uzi mwekundu." Mama nilipomwambia aliziba mdomo kwa upande wa kanga akacheka mpaka akatoa machozi. Ijumaa ile alasiri alikuwa kakaa kitandani kwake, mguu kaunyoosha, anakunywa chai, saa ambayo kila mtu alimzoea yuko barabarani. Shangazi akapita, akamwona, akasema, "Haa! Wifi, siku hizi umekuwa bibi wa nyumba kubwa." Lakini naye jioni alikuja kuomba mfuko, na akaulipia.

Ukakaribia mwezi wa Ramadhani. Mzee akataka mara mbili ya kawaida, na aupate kabla ya mwezi kuandama. Wiki hiyohiyo mama akaitwa msibani Kisarawe. Makopa yalikuwa kichanjani, siku ya tatu, na mawingu yameanza kukaa upande wa baharini.

"Usitwange mpaka kinene kilie," aliniambia, keshajifunga kanga, mguu mmoja mlangoni. "Na ukalaze."

"Ndiyo mama."

Siku ya nne jua lilitoka kidogo kidogo. Saa tisa nikavunja kipande. Kililia. Kilikuwa chembamba, na nilikijua kuwa chembamba nilipokichagua. Nikasema kikavu ni kikavu, na mvua ikinyesha kesho tutakosa vyote. Nikayatia makopa kinuni yakiwa na moto wa jua bado. Chekecheke likawa linaziba, jambo ambalo halikuwahi kutokea, nami nikalipiga kofi pembeni nikaendelea. Unga ukiwa vuguvugu nikautia mifukoni, nikashona uzi mwekundu haraka haraka, nikaipanga kwenye madebe mawili ya mafuta ya taa tuliyoyaosha, nikakaza vifuniko ili unyevu usiingie. Nilijiona nina akili. Unyevu nilikuwa nimeufungia ndani.

Nikaukodishia mkokoteni, asubuhi ukafika Ilala siku moja kabla ya ahadi.

Mama aliporudi alikuta kichanja kitupu. Akasimama akakitazama.

"Umelaza?"

"Nimelaza, mama."

Sikusita hata kidogo. Akaniambia ahsante mwanangu, akaenda kukanda goti lake.

Mwezi ulikuwa umefika kumi pale mzee wa Ilala alipokuja mwenyewe, kwa miguu, kafunga. Mama akamkaribisha kwenye mkeka. Mzee hakukaa. Akatoa mfuko kwenye kikapu, akaukata mdomo, akamwaga unga kwenye ungo wetu. Ulitoka mabonge. Harufu ilikuwa ya uvundo, kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo, na ndani ya mabonge kulikuwa na ukijani.

"Mama," akasema taratibu, "mwanamke mmoja kanirudishia huu mbele ya watu. Kawapikia wageni futari, wameuacha sahanini. Nikafungua mingine. Yote ya madebe yale iko hivi. Uzi huu ni wako?"

"Wangu."

"Nani kaufunga?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kinu. Nilikuwa nimepata alama nzuri za kusema mbele ya darasa, na siku ile ulimi wangu haukunyanyuka.

Mama alichukua bonge moja, akalivunja kwa vidole, akalinusa. Hakunitazama.

"Mie," akasema. "Nilikuwa na haraka ya msiba. Unisamehe, baba."

Mzee akatikisa kichwa. Akasema hakuja kugombana, lakini dukani kwake asingeweza tena kuweka uzi mwekundu, watu wanauogopa. Akaomba maji ya kunawa mikono, akaondoka.

Mama akanituma nikaichukue mifuko iliyobaki. Tukachimba shimo nyuma ya choo tukaumwaga unga wote. Shangazi alisema tungewapa kuku. Mama akasema hata kuku hapana, unga wa ukungu unaua. Shangazi nilikuwa namngoja aseme yale ya matenga matatu. Alishika jembe akasaidia kufukia, na hilo liliniumiza kuliko kama angenicheka.

Mifuko mitupu tuliifua. Mama akakaa nayo uani, akawa anafumua uzi mwekundu, mmoja mmoja, anaukunja kwenye kijiti. Nilikaa karibu yake ili nimsaidie. Halafu akasema, macho yako kwenye uzi:

"Siku nyingine ukiwa hujalaza, sema hujalaza. Ningeufuata Ilala nikauanika tena."

Basi. Hakurudia tena.

Baada ya siku mbili alirudi barabarani. Nilimbebea tenga, akatandaza gunia lake, akashuka chini kwa kushikilia bega langu, ule mguu ukagoma katikati, akauma mdomo. Akapanga mafungu. Watu wakapita wanamsalimia. Jioni akaja mama mmoja, mke wa karani, nilimfahamu, alikuwa mnunuzi wa mifuko yetu.

"Shikamoo. Huu ni wa leo?"

"Marahaba. Wa jana, mwanangu."

"Eti unga wako umeharibika, nasikia. Pole. Haya nipunguzie, huu nao umeanza michirizi."

Mama akampunguzia. Akamwongezea na kipande juu.

Usiku huo sikuandika daftarini mpaka nilipoutafuta ule ukurasa wa imani za kizee, nikayakata maneno hayo kwa kalamu. Halafu nikaandika nitakachofanya, ili asubuhi nisijifanye nimesahau. Kabla mama hajafunga tenga lake nitamfuata jikoni nimwambie kwa mdomo wangu kwamba sikulaza, na kwamba nilimdanganya, ingawa anajua. Halafu nitakwenda Ilala kwa miguu nimfikie yule mzee kabla hajafungua duka, nimwambie aliyefunga ule unga ni mie, si mama. Wateja wakiwa wanangoja mlangoni nitasema mbele yao.