Barua ya Daktari na Maji Niliyotema

Baba yangu alipooza upande mmoja miaka ya hamsini, na hukumu ya kwanza iliyotolewa ilikuwa kwamba mimi ndiye niliyempoozesha. Nasema hukumu kwa sababu ushahidi haukuulizwa. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Mwatate baada ya mume wangu kunivunja jino, baba akaniamuru nirudi kwake, nami nikakataa, nikawa sisemi na baba. Majirani wote walilijua hilo, na mwenye nyumba akianguka na ukooni kuna mtu asiyesema naye, kwetu Taita watu hawaendi mbali kutafuta.

Baba alikuwa msimamizi wa genge la reli pale Voi, watu wanaokagua njia na kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba vyuma. Alilala kwenye landhi yake, chumba cha wafanyakazi wa reli, akiwa mzima, akaamka mkono na mguu wa kulia haimtii na mdomo umekwenda pembeni. Wenzake walimsikia akijaribu kuita, sauti ikatoka bila neno ndani yake. Wakampakia kwenye lori la reli, akapelekwa hospitali ya mlimani, na huko akalazwa hadi alipoweza kumeza uji bila kupaliwa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari hakutaka kutueleza kwa mdomo. Alikuwa amechoka na ndugu za wagonjwa. Alisema ukiwaeleza ndugu watatu, jioni utasikia magonjwa matatu. Basi akaandika barua kwa Kiswahili, mpakaji dawa wa pale hospitalini akimsaidia maneno, na juu yake akaandika kwamba isomwe mbele ya watu wote wa nyumba, siyo na mmoja peke yake. Nikaisoma mimi, jioni tuliyomfikisha baba nyumbani kwa machela, kwa kuwa lori halikuweza kupanda njia yetu. Tulikuwa mama, baba mdogo, jamaa kadhaa, na baba mwenyewe akiwa kitandani ananitazama.

Barua ilisema ugonjwa huu ni kiharusi. Mshipa mmoja unaopeleka damu upande wa kushoto wa ubongo umeziba, na sehemu iliyokosa damu imekufa. Upande huo ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaotawala kusema. Daktari aliongeza, na nilimheshimu kwa hilo, kwamba hana chombo cha kumwezesha kuona ndani ya fuvu. Anadhani ni kuziba wala si kupasuka kwa sababu mzee aliamka nao, hakulalamika kichwa, hakuzimia. Tena damu yake ina nguvu kupita kiasi, apunguziwe chumvi, na tujue kwamba kiharusi kinaweza kurudi.

Halafu ikaeleza hatua. Mwanzoni mkono na mguu hulegea kabisa. Baadaye huanza kukaza, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa maana kiungo kinachokaza kikiachwa hujikunja na kubaki hivyo. Kila siku vidole vifunguliwe, kiwiko kinyooshwe, bega lizungushwe taratibu, wala asivutwe kwa mkono huo anapoinuliwa. Usiku na mchana ageuzwe ubavu asije akaota vidonda. Ale akiwa ameketi, chakula kizito kidogo, maji kwa kijiko. Akae, kisha asimame akishikwa na watu wawili, kisha apige hatua. Mguu hutangulia, mkono hufuata nyuma, vidole huja mwisho, na kwa wengine haviji. Sehemu kubwa ya kinachorudi hurudi miezi ya mwanzo. Baada ya hapo mwendo ni wa kobe, lakini msikate tamaa.

Mstari mmoja niliusoma mara mbili, nikaunyanyulia sauti. "Hawezi kusema, lakini mengi mnayoyasema anayaelewa. Msimjadili kana kwamba hayupo."

Nilipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa baba mdogo. Huyu ndiye mdogo wake baba, mtu wa kanisa, anayesoma vizuri kuliko mimi, wala hakuwa mjinga. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mjinga. Alisema barua ni nzuri na daktari ni mtu mkweli. Kisha akasema neno ambalo likinijia hadi leo nasikia damu inapanda.

"Daktari ameandika kwamba mshipa umeziba. Hakuandika ni nani aliyeuziba."

Watu wakaitikia kwa koo. Wote walikuwa wamekwisha geuza macho kwangu.

Kwa asiyepajua kwetu, nieleze. Wazee wetu waliamini hasira ikikaa moyoni mwa mtu, humtoka bila yeye kutaka ikamgonga ndugu yake. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira hupiga funda la pombe ya miwa au la maji, akalitema kama manyunyu, akaitaja hasira yake kwa mdomo wake na kuiambia itoke, mgonjwa apone. Wakristo walikuwa wameiacha desturi hiyo, au walikuwa wakisema wameiacha. Baba mdogo alisema tutatumia maji, wala si pombe, na tutaanza kwa sala, kwa hiyo hakuna ubaya. Mtu akitaka jambo lake, humtafutia hata Mungu kiti pale pale.

Nilikataa. Nilisema sikumfunga baba, na sitatema kitu mbele ya watu ili nionekane nimekiri. Baba mdogo naye akatoa amri yake: mpaka nitase, mwili wa mgonjwa usisumbuliwe. Huwezi kunyoosha kilichofungwa kabla hakijafunguliwa, alisema, utakivunja.

Basi tukakaa hivyo. Mimi na mama tulijaribu alfajiri, tukimnyoosha vidole kabla watu hawajaja, lakini baba mdogo aliishi hatua chache kutoka kwetu na siku ya pili alitukuta. Aliuchukua ule mkono kwenye mapaja yangu, akaufunika blanketi kwa upole kabisa, kama mtu anayefunika mtoto. Ule upole ndio ulionichoma. Ukipigwa unaweza kurudisha. Mama aliniomba ninyamaze, kwani huyo ndiye aliyekuwa akitupimia mahindi tangu mshahara wa reli ukatike.

Na wageni wakaja. Walikaa kukizunguka kitanda wakizungumza juu ya baba kama mtu anayezungumzia nyumba ya jirani aliyehama. Nani atashika shamba la bondeni. Kama ng'ombe wa mahari yangu watarudishwa Mwatate, nani atawatoa. Kila mmoja alikuwa na huruma, kila mmoja alimlisha kijiko akiwa amelala chali, na uji ukimpalia wakisema masikini, mzee anakwisha. Nilisimama mlangoni nikiwa na barua kwenye fundo la leso, nikatamani kuwafukuza kwa mwiko. Baba alikuwa amefumba macho. Walidhani amelala. Mimi nilikuwa nikiona shingo yake, mishipa yake imesimama.

Wiki zikapita. Mguu ulianza kukaza, kama barua ilivyosema, na mkono ukaanza kujikunja. Kwanza kidole gumba kiliingia ndani ya kiganja. Halafu vingine vikakifunika. Asubuhi moja nilipojaribu kukifungua kiganja kile nimwoshe, hakikufunguka bila yeye kuguna kwa maumivu. Nilijua tunapoteza miezi ile ile ambayo daktari aliisema, na kwamba ubishi wangu na wa baba mdogo ulikuwa unalipwa na mkono wa mtu wa tatu.

Nikamwambia baba mdogo nitatasa. Alifurahi, maskini, machozi yakamlengalenga. Nilimwambia kwa sharti moja, kwamba nikishatema, mkono ni wangu. Akakubali.

Walikusanyika asubuhi. Baba aliketishwa, mama nyuma yake akimwegemeza. Baba mdogo akasali sala ndefu, kisha akanipa kata ya maji. Desturi inataka useme kweli, kwa sababu hasira iliyotajwa nusu hubaki nusu. Nikasema basi.

"Baba, nilikuwa na hasira na wewe kwa kutaka nirudi kwa mtu aliyenivunja jino. Ninayo mpaka sasa. Na nyinyi nina hasira na nyinyi, mnaomgawa mtu akiwa anawasikia. Itoke yote, apone."

Nikapiga funda, nikatema. Maji yalimwangukia kifuani. Hawakuweza kunikemea, kwa sababu ni wao walionipa kata na kuniambia niseme.

Nilikuwa namrudishia baba mdogo ile kata, mkono wa kushoto wa baba ukaidaka. Aliishika kwa nguvu sijui kaitoa wapi. Mama akashtuka, akajua atapaliwa. Baba akapiga funda, nusu ikamchuruzika upande wa kulia wa mdomo ikalowesha shati, na ile nusu nyingine akaitema mbele yake, miguuni pa mdogo wake.

Hapakuwa na mtu pale asiyejua maana yake. Mwenye kutema ndiye mwenye hasira. Mtu waliyekuwa wamemzika kwa maneno wiki zote zile alikuwa nayo yake, na alikuwa ameihifadhi. Baba mdogo alipiga magoti. Akamuuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kaka, una hasira na nani?"

Baba alijaribu. Ikatoka ile sauti isiyo na neno. Akaacha, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaunyanyua kama mtu anayenyanyua gogo, akauweka mapajani pangu.

Siku hiyo hiyo nilianza. Baba mdogo ndiye aliyemshika upande mmoja alipokuwa akijifunza kusimama, na lazima niseme haki, hakukosa hata siku moja. Baba alitembea kwa fimbo kabla ya mvua za vuli. Maneno yalirudi machache, majina ya watu kwanza, yakichanganyika. Hakuniambia tena nirudi Mwatate. Sijui kama ni kwa kukosa maneno au kwa kukosa nia, na sikumuuliza.

Kiganja hakikufunguka kamwe. Tulipompeleka kwa daktari nilimwuliza kama ni zile wiki tulizozipoteza. Nilitaka aseme ndiyo, nimpelekee baba mdogo hilo jibu. Aliugeuza mkono ule huku na huku kwa muda mrefu, akasema huenda ungekuwa laini zaidi, maumivu yangepungua, lakini vidole mara nyingi havirudi hata pakifanywa kila kitu, na yeye hawezi kuniapia. Nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Mpaka anaingia kaburini, baba mdogo alikuwa akiwasimulia watu, kwa mapenzi kabisa, kwamba dawa zilisaidia lakini kilichomwinua kaka yake ni maji niliyotema mimi. Wanawake walinishika mkono kanisani wakinipongeza. Nilipongezwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyetambua kwamba kila pongezi ilikuwa ikinihukumu upya.