Nywele Zangu Hazinyolewi kwa Ajili ya Harusi

Wifi yangu alilisema mbele ya kamati nzima ya harusi, sebuleni kwake Gungu, nami nimeinama nikimimina chai. Alisema binti yake anaolewa kwenye ukumbi wa ndani, watu watakuwa wengi na hewa kidogo, kwa hiyo sisi akina mama tutakaoingia tukicheza tujiangalie usafi. Kisha akanigeukia. Alisema nywele zangu zinanuka dagaa, na sasa zinanuka dagaa na kitu kingine asichokijua.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana lilionyesha kwamba wote walikuwa wameshalizungumza.

Mimi nauza dagaa Kibirizi. Asubuhi mitumbwi inapoingia nakuwa pale mchangani na wenzangu, tunanunua, tunaanika, tunageuza, jua likishuka tunafungasha magunia. Harufu ya dagaa haichagui. Inaingia kwenye kanga, kwenye mkoba, na zaidi kwenye rasta, kwa sababu nywele za kusukia ni kama sponji. Wanawake wengi wa kazi yetu hukata nywele zikawa fupi, wakafunga kitambaa, yakaisha. Mimi sikutaka. Tangu nianze biashara ile watu walikuwa wameniambia mambo mengi ambayo mwanamke wa dagaa hawezi kuwa nayo, na nywele ndefu zilikuwa mojawapo. Basi nilisuka rasta za kufika kiunoni, nikazifunga juu, nikaenda nazo mchangani.

Taabu ilikuwa kuziosha. Rasta nene zikilowa zinachukua siku nzima kukauka, na ukizilalia mbichi zinatoa harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Sikuwa na siku nzima ya kukaa juani nikianika kichwa badala ya dagaa. Ndipo msusi wangu, rafiki yangu wa muda mrefu mwenye saluni karibu na stendi ya bodaboda, akanionyesha kopo la shampuu kavu. Unapuliza kwenye shina la nywele, unasubiri kidogo, unapapasa na kitambaa. Haihitaji maji. Ndani yake kuna unga mwepesi kama wanga, unanyonya mafuta ya kichwa na kuacha marashi. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikinukia maua, na mume wangu akaniuliza kama sikwenda kazini.

Nikaanza kupuliza kila jioni. Baadaye nikaongeza asubuhi. Kwenye nywele zilizoachwa wazi mtu huchana unga ukatoka, lakini kwenye rasta unabaki palepale mizizini, halafu jua la mchangani linakutoa jasho, na kesho unapuliza mwingine juu yake. Wiki zikapita bila maji kugusa kichwa. Kikaanza kuwasha. Nikadhani ni rasta kubana. Nikajikuna kwa ncha ya kitana mpaka vikatokea vipele nyuma ya masikio na kisogoni, vingine na usaha. Harufu ile ambayo wifi hakuijua ilikuwa hiyo: unga, mafuta na jasho vilivyochacha pamoja.

Pale sebuleni nilimaliza kumimina chai. Wifi akaja jikoni, akafunga mlango, na sauti yake ikawa ya upole kuliko pale mbele za watu.

"Nyoa, wifi," alisema. "Nywele zitaota. Picha za harusi hazipigwi mara mbili."

Nilimwambia sinyoi. Akasema basi nivae wigi, au nifunge kilemba. Nilimwambia sifuniki kitu, na kwamba nitaingia ukumbini kichwa wazi, na nywele zangu mwenyewe. Wakati naondoka kichwa kilikuwa kinapwita kwa maumivu, na sikuwa na wazo lolote la jinsi ya kutimiza nilichosema.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Aliniinamisha chini ya taa, akatenganisha rasta kwa vidole vyenye glovu, akauliza natumia nini. Nilimpa kopo. Alilisoma, akaniuliza naosha nywele lini. Nilipomjibu hakunikaripia.

"Mama, hii inanyonya mafuta, haisafishi," alisema. "Uchafu unabaki kichwani, umejificha tu. Ukirudia kila siku unaziba vitundu vya nywele, ngozi inavimba."

Alinieleza kwamba shampuu kavu ni ya kusogeza muda kati ya kuosha na kuosha. Mtu atumie mara moja, ikizidi sana mara mbili, tena siku zisifuatane, kisha maji na sabuni vipite. Kwa kazi yangu ya jua na jasho, alitaka nioshe kila wiki. Na kichwa kikianza kuwasha au kutoa mba, kopo linawekwa kando hapo hapo. Akanipa dawa ya kupaka kwenye vipele na shampuu ya dawa, ya kuachwa kichwani dakika chache kabla ya kusuuza. Rasta zitoke, alisema, na nisisuke mpaka ngozi ipone.

Nilimuuliza swali moja tu: lazima ninyoe?

"Hapana," alisema. "Ngozi ikipumua na kuoshwa vizuri itapona na nywele zikiwa juu yake."

Nilitamani angelisema hilo sebuleni kwa wifi.

Kufumua kulichukua mchana wote. Msusi alikaa nyuma yangu, na kila rasta iliyotoka iliacha shinani ukoko wa kijivu, mgumu kama uliobaki chunguni. Alikuwa na aibu. Alisema wateja humuuliza inanukiaje, hawamuulizi inatumika mara ngapi, naye hakuwahi kuwaambia. Sehemu fulani za kisogo nywele zilikatika mkononi mwake. Aliponiosha, maji ya kwanza yalitoka kama uji. Alirudia mpaka yakatoka meupe, akinisugua kwa nyama za vidole tu, kucha akizikunja.

Wiki zilizofuata nilikwenda Kibirizi na nywele zangu fupi, za kipilipili, zimefungwa kwa kitambaa cha pamba nilichokifua kila siku. Wenzangu waliniuliza kama hatimaye nimekubali. Niliwaambia nimekubali kuosha, basi.

Siku ya harusi vipele vilikuwa vimekauka, kisogoni pana pengo dogo. Msusi alitaka kuliziba kwa kipande cha nywele za bandia. Nilikataa. Alinichana, akanipaka mafuta kidogo kwenye ncha, nywele zikasimama. Nikavaa kitenge cha sare na kupanga mstari mlangoni pa ukumbi.

Wifi alikuwa mbele yangu. Aligeuka, akaniangalia kichwa kwa muda mrefu, akasogea karibu kama mtu anayetaka kunong'ona. Nilijua anachofanya. Alikuwa ananusa.

"Pengo litaonekana kwenye picha," alisema.

"Lionekane," nilimjibu.

Muziki ukapigwa. Aliniangalia mara nyingine, kisha akanishika mkono, akanivuta kutoka nyuma alikonipanga na kuniweka ubavuni kwake, mstari wa kwanza. Hakuniomba radhi, nami sikuisubiri. Tuliingia tukicheza.

Sasa nimesuka tena, rasta nyembamba za mabegani. Jumapili naosha, naketi uani juani mpaka zikauke, na anayetaka dagaa siku hiyo ananunua kwa mwingine. Kopo ninalo bado. Natumia katikati ya wiki, mara moja, nikitaka.