Haitoi Rangi

Nilimwambia mdogo wangu siku ileile ngozi nyeusi ilipoingia: andika maelezo upya. Nilimwambia nimesimama mlangoni kwake na mkasi mkononi, maana mimi ni fundi cherehani na vyumba vyetu vya kazi vinatenganishwa na ukuta mmoja, akikohoa namsikia. "Kesho, dada," akasema. Kesho ya mdogo wangu naijua tangu anajifunza kutembea.

Yeye anashona sandali za ngozi. Sipendi kumsifia mtu wa nyumbani, lakini mikono anayo. Mdomo ndio hana. Mteja akiingia anaambiwa "karibu", basi, fundi karudi kwenye nyundo yake. Aliyekuwa anauza ni mkewe, wifi yangu, na alikuwa anauza kwenye simu.

Wifi alikuwa na utaratibu wake. Kila mtindo mpya, kabla hajaandika neno, anauvaa siku nne. Anakwenda nao sokoni, anapikia nao, anapandia nao ngazi. Siku ya tano anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anapiga picha kwa mwanga wa jua, si wa taa, halafu ndiyo anaandika. "Kamba ya kidole gumba itakubana siku mbili za mwanzo. Vumilia, ya tatu mtaelewana." Nikamwambia, we wifi, una akili kweli? Nani anauza kitu kwa kutaja ubaya wake? Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wakiujua kwangu, hawatanirudishia," akasema.

Mstari wa kwanza alikuwa anauhangaikia hata nusu saa, kwa sababu simu inaonyesha maneno machache tu chini ya picha, mengine mpaka mtu abonyeze. Akishambonyezesha, anamweleza yote: ngozi ya mnyama gani, soli ya nini, inachukua siku ngapi kushonwa, bei waziwazi bila mambo ya "njoo inboksi". Namba za viatu hakuziamini hata kidogo. "Simama juu ya karatasi, chora mguu, pima toka kisigino mpaka kidole kirefu, niambie sentimita." Alivyokuwa anaandika sana habari za kamba, wateja wakambandika jina: Bi Kamba. Wengine walikuwa hawanunui chochote, wanakuja kusoma tu.

Alifariki mwaka jana mwezi wa tatu. Homa ya wiki mbili, tukazika. Ukurasa wake wa mtandaoni haukuambiwa. Mdogo wangu alichofanya ni kunakili: picha mpya, maneno ya zamani ya mkewe, neno kwa neno. Mtu akiuliza swali, anatafuta kwenye jumbe za nyuma mpaka apate jibu la wifi, analituma hilohilo. Bi Kamba akaendelea kuuza kana kwamba yuko jikoni anakuja. Na mimi nilijua, nikanyamaza. Mchana kutwa nilikuwa namsikia kupitia ukutani akimsoma mkewe kwa sauti, peke yake, na mimi peke yangu upande wa pili na cherehani yangu. Hakuna aliyemgongea mwenzake.

Sasa, yule mtengeneza ngozi wetu wa zamani, aliyekuwa analainisha kwa magome ya miti bila kutia rangi, akawa haleti tena kwa wakati. Mdogo wangu akanunua nyeusi, iliyotiwa rangi kiwandani. Akashona, akapiga picha, akabandika maneno yaleyale: "Ngozi hii haitoi rangi, hata ukinyeshewa."

Mwalimu wa kwaya akaagiza jozi kumi na moja. Siku ya kuimba wakanyeshewa njiani, na kanzu zao ni nyeupe. Akatuma picha ya mapindo yaliyochafuka, miguu myeusi mpaka kwenye vifundo, na picha ya maelezo yetu, amezungushia ule mstari kwa wino mwekundu. Chini akaandika: "Bi Kamba, nilikuamini kuliko macho yangu. Nakupa siku kumi unijibu. Usiponijibu, kila niliyemwambia anunue kwako nitamwambia wewe ni tapeli."

Mdogo wangu akakaa na ujumbe ule siku tatu. Nyundo haikusikika. Siku ya tatu nikaona loo, huyu atakufa na njaa huku namsikiliza, nikaingia.

"Futa hilo neno. Mwombe mama wa watu radhi."

"Nikifuta hili, kesho nafuta jingine," akasema. "Halafu nitabaki na nini, dada?"

Hapo hasira zikanipanda. Mimi hasira zangu hazina breki. "Kwa hiyo bora mkeo aitwe tapeli? Wifi yangu hajadanganya mtu kwenye simu hiyo hata siku moja! Muongo ni wewe, unasema kwa mdomo wa maiti!"

Nikajuta kabla sijafunga mdomo. Akainamisha kichwa, mabega yakawa yanacheza, na mimi nikasimama pale kama mjinga. Baadaye akajifuta kwa aproni, akavuta jozi moja kubwa kutoka rafuni, akaniwekea miguuni. "Nivalie," akasema. "Siku nne."

Nikavaa. Nilichotea maji, niliendea dukani, nilikanyagia pedali. Siku ya pili nikalowa, vidole vikawa kama vya mchoma mkaa. Kila jioni anakuja kwangu na daftari, anapiga goti, anauliza: wapi panabana? Hapa? Na kisigino kinateleza? Tangu mume wangu aondoke, mwaka wa tisa huu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza wapi panauma. Nilijibu kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Kisigino hakikuwa kinateleza, nikasema kidogo kinateleza, ili akae.

Siku ya tano akaandika. Toka asubuhi mpaka adhuhuri, mistari minne: "Ngozi hii imetiwa rangi nyeusi. Ikilowa inatoa rangi. Usiivae na nguo nyeupe. Kamba ya nyuma inabana mtu mwenye kifundo kinene." Kifundo kinene ni changu, haya. Kisha akarudi kwenye picha zote za ngozi nyeusi, kumi na tisa, akabadilisha moja baada ya nyingine. Kila mara anausoma ule mstari wa wifi kwa sauti ya chini kwanza, ndiyo anafuta.

Mwisho akamwandikia mwalimu wa kwaya: kosa limetokea, maelezo yamerekebishwa, jozi zote kumi na moja atazishona upya kwa ngozi isiyotiwa rangi, azisubiri wiki tatu. Hakukaa sana, jibu likaingia.

"Nimekubali. Ila wewe si Bi Kamba. Bi Kamba haandiki kavu hivi. Naomba niongee naye mwenyewe."

Akashika simu. Nilikuwa nyuma yake, nikaona kidole chake kikienda juu kwenye jumbe za zamani, kinatafuta jibu la wifi la kumfaa. Kikasimama. Kikarudi chini. Akaandika herufi mojamoja:

"Bi Kamba alifariki mwezi wa tatu mwaka jana. Mimi ni mumewe, ninayeshona. Kosa ni langu. Yeye hakuwahi kukudanganya."

Akabonyeza. Tukatazama mpaka alama ya kusomwa ikaonekana.

"Sasa ndiyo amekufa, dada," akasema.