Doa la Mzee Tache

Nyaguthii alikuwa fundi wa kung'arisha watu. Tangu afungue studio yake ya picha mjini Isiolo, miaka michache baada ya serikali ya kaunti kuanza, hakuna mteja aliyetoka pale na chunusi zake. Picha ya rangi ikihitaji kugeuzwa nyeusi na nyeupe, kwenye kompyuta alikuwa anaipa nyekundu asilimia mia, kijani sufuri, bluu sufuri, kwisha maneno. Ngozi ya binadamu ina wekundu mwingi. Ukiitegemea nyekundu peke yake, uso unatoka mwangavu na laini, makovu yameyeyuka. Wateja walipenda hadi basi. Na sifa zikampanda kichwani, tusimfiche.

Jumanne asubuhi Maryan, jirani yake wa mtaa wa Chechelesi, aliingia mbio, buibui limejaa vumbi.

"Salaam aleikum, Mama Ivy," akamsalimu Nyaguthii.

"Aleikum salaam. Kuna nini?"

"Aba amepotea!"

Baba yake, mzee Tache, alikuwa ametoka nyumbani jana yake bila kuaga. Akili yake siku hizi ilikuja na kwenda. Alikuwa akisema anarudi Sericho kwa ngamia wake, ngamia waliokufa kwa ukame zamani. Maryan alikuwa na picha yake nzuri kwenye simu: ndevu zimepakwa hina, na kwenye shavu la kushoto doa jekundu alilozaliwa nalo. Watu wa mjini walishatumiwa. Lakini kule kwenye visima vya njia ya Sericho wachungaji wengi wana simu za kabambe, hawaoni picha. Ilibidi karatasi, na mashine ya Nyaguthii ilitoa wino mweusi tu.

Nyaguthii akafanya alivyozoea. Nyekundu mia. Chini akaandika jina na namba ya simu. Maryan alizitazama karatasi akalia. Alimwona baba yake kwa sababu alimjua. Adano, kaka yake, akazibeba kwa pikipiki hadi Gotu na visima vya mbele.

Siku hiyo Nyaguthii hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Chai ilipoa mara mbili. Kila simu ilipolia aliirukia, kumbe ni mtu anauliza picha za pasipoti. Ee Mungu, mzee wa watu na jua hili!

Jumatano saa nne simu ililia kutoka Gotu. Alikuwa Lokorio, muuza chai.

"Mama, huyu mzee wenu ako na ndugu?"

"Kwa nini?"

"Kuna mzee alishuka kwa lori hapa asubuhi, nikampa chai. Nikashika hii karatasi karibu na uso yake kabisa. Ya karatasi ni ndevu nyeupe, uso safi. Huyu alikuwa na ndevu ya hina na doa kubwa hapa kwa shavu. Nikasema si yeye. Nikamwacha aende."

"Alienda wapi?"

"Sikuangalia, mama. Nisamehe."

Eti Lokorio ndiye amwombe yeye msamaha! Nyaguthii aliishika ile karatasi, na kwa mara ya kwanza akaitazama kama mgeni. Shavu lilikuwa jeupe pe. Hina ya rangi ya machungwa, kwa kuwa imejaa nyekundu, ilikuwa imegeuka mvi. Yeye ndiye aliyemfuta mzee. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Akafungua picha upya. Akajaribu bluu peke yake: doa likatoka jeusi, lakini hina nayo ikawa nyeusi tii, mzee akawa kijana, na picha ikajaa chembechembe. Hapana. Akahamia kijani, akaipa themanini, ishirini akairudishia nyekundu, ili jumla ibaki mia na uso usizame gizani. Doa likajitokeza, jeusi kiasi kwenye shavu. Ndevu zikawa kijivu. Makunyanzi yote yakarudi. Safari hii hakujiamini hata yeye mwenyewe. Akaandika kwa herufi kubwa: NDEVU ZA HINA, DOA JEKUNDU.

Adano akaondoka tena kwa kasi. Jioni, kwenye kisima cha pili kutoka Gotu, mwanamke mmoja aliitazama karatasi akapiga kelele. Mzee alikuwa kivulini nyuma ya birika la kunyweshea mifugo, midomo imepasuka, hai. Karatasi ya kwanza ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta aliouegemea.

Ijumaa Maryan alimleta studio kushukuru. Nyaguthii hakuweza kumtazama. Mzee aliiokota mezani ile karatasi ya kwanza, yenye uso usio na doa, akaishika mbali na macho, akaigeuza huku na huku.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Aba, ni wewe," Maryan akasema.

Mzee akacheka, akajigusa shavu la kushoto, akamrudishia Nyaguthii karatasi yake.

"Mtafuteni," akasema. "Watu wake wanalia."