Insha ya Wakili

Wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili walimwita kiongozi wao Wakili, kwa kuwa binti huyo hakuwahi kuishiwa maneno. Mkuu wa chuo alipomwomba azungumze na wenzake kuhusu insha zinazotungwa na akili mnemba, alikubali kwa shingo upande. Alijua kwa nini.

"Jamani," alianza, "ukikabidhi insha usiyoiandika, anayeibiwa ni wewe."

"Na ile yako ya alama tisini na moja?" mwenzake wa chumbani akauliza kutoka nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Uso wa Wakili ukawaka moto. Akaikunja karatasi ya hotuba.

"Ile sikuiandika," akasema. "Nilibandika swali la mwalimu kwenye simu, na kabla sijamaliza kufunga viatu, insha ilikuwa tayari. Nikabadili maneno mawili matatu. Vitabu vilivyotajwa mwishoni sikuvigusa. Viwili nilivitafuta juzi maktabani na mtandaoni, havipo. Vimebuniwa."

Kicheko kikakatika.

Akawasimulia ya wiki iliyopita, wodi ya watoto. Mtoto aliletwa akiwa ameharisha siku mbili. Muuguzi mkuu, aliyekuwa amesikia sifa za ile insha, akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye bingwa wa upungufu wa maji mwilini. Mpime ngozi utuambie."

"Nikamfinya ngozi ya mkono," Wakili akasema, sauti ikishuka. "Insha yangu ilisema ufinye tumboni, kati ya kitovu na ubavu, kisha uachie uone ngozi inarudi haraka au polepole. Jina langu lilikuwa juu yake, na mimi sikulijua hilo. Muuguzi akanisogeza, akapima mwenyewe. Mama wa mtoto akaniangalia, halafu akamvuta mwanawe kwake."

Wakili alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ningeiandika mwenyewe ningekosea," akaendelea, "ningefuta, ningerudi kitabuni, ningemsumbua mwalimu. Kusumbuka kule ndiko kungenifundisha. Nilikwepa, nikabaki na alama tupu."

"Umeshapata zako, sasa unatufungia mlango," mwenzake wa chumbani akanung'unika.

"Sina tena. Naenda kuzirudisha."

Akaenda kweli, miguu mizito. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, akaandika sifuri, kisha akampa swali lilelile na siku nne. Wakili aliandika kwa mkono. Ukurasa wa kwanza pekee ulimchukua jioni nzima. Alipata hamsini na nane.

Wanafunzi watatu walifuata kurudisha zao. Wengine hawakurudisha, na mwenzake wa chumbani hakumsemesha wiki nzima.

Zamu ya wodini ilipofika, Wakili alimsalimu muuguzi mkuu huku macho yakiwa sakafuni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawa mikono, uje," muuguzi akajibu, akimwelekeza kitanda cha mtoto mwingine aliyekuwa akiharisha.

Akanawa, akaenda, akaifinya taratibu ngozi ya tumbo la mtoto.